Bango likija kama picha, na chini yake neno moja: "Kagua"

Ujumbe uliingia jioni. Ulikuwa na picha moja ya bango na chini yake neno moja tu: "Kagua." Bango lilikuwa la mafunzo ya siku moja ya upigaji picha. Lilikuwa na kichwa kikubwa cha rangi ya manjano, tarehe, ada ya kawaida iliyokatwa kwa mstari na ada mpya pembeni yake, namba ya simu, na msimbo wa QR kwenye kona ya chini. Kwa mtazamo wa haraka lilikuwa limekamilika, na mwenye kuliagiza alitaka jibu usiku uleule ili lichapwe asubuhi. Nimesoma prufu za mabango, yaani nakala zinazokaguliwa kabla ya kuchapwa, kwa miaka kadhaa sasa, na kwa ujumbe wa namna hii huwa sianzi kwa kusoma, naanza kwa kuomba vitu viwili: maelezo ambayo mteja alimpa mbunifu, na bango lenyewe likiwa limetumwa kama faili, si kama picha ya kawaida.

Faili naiomba kwa sababu programu za kutumiana ujumbe huminya picha, na maandishi madogo ndiyo huumia kwanza: 3 hufanana na 8, 5 ikawa kama 6, na nukta ya kutenganisha saa na dakika ikatoweka. Ukikagua picha iliyominywa, utaripoti makosa yasiyokuwepo na kupitisha yaliyopo. Maelezo nayaomba kwa sababu nzito zaidi. Bei isiyo sahihi haina kosa la tahajia. Imeandikwa vizuri, imepangwa vizuri, na hakuna kitu ndani ya bango kinachoweza kuikanusha. Mtu anayelisoma bango peke yake anakagua lugha tu, na pengine hata hiyo haikagui vizuri, maana maandishi yaliyomo ndani ya picha hayapigiwi mstari mwekundu na kikaguzi chochote. Kwenye kompyuta ya mbunifu kwenyewe kikaguzi mara nyingi kimezimwa, kwa kuwa kile cha Kiingereza hupigia mstari karibu kila neno la Kiswahili na kumchosha macho.

Tahajia huwa naianza kwa herufi kubwa kuliko zote, na nina sababu ya aibu ya kufanya hivyo. Mwaka mmoja nilipitisha bango ambalo nilikuwa nimelikuza hadi mara mbili ya ukubwa wake, nikanyoosha alama za mkato katika aya ya chini, nikarekebisha neno moja kwenye anwani, kisha nikaandika "Sawa, lichapwe." Kichwa chake kilisomeka MAFUZO. Neno kubwa hatulisomi, tunalitambua kwa umbo kama tunavyoutambua uso wa mtu tunayemfahamu, na likiwa kwa herufi kubwa tupu, N moja iliyopungua haibadilishi umbo hilo kiasi cha kushtua. Tangu siku ile nafunika bango lote kwa karatasi, naacha kichwa peke yake wazi, nakisoma silabi kwa silabi kwa sauti, ma-fu-nzo, kisha nashuka hadi mstari wa mwisho na kupanda mstari mmoja mmoja. Kusoma kutoka chini kwenda juu kunavunja mtiririko wa maana, na macho yanakosa nafasi ya kubashiri neno linalofuata. Silabi nazo zinatufaa sana sisi, kwa kuwa Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa: herufi ikipotea, ulimi utajikwaa hata kama jicho limepita. Kosa baya zaidi ni lile la herufi moja linalozaa neno jingine halali, kama pale "tunauza" inapoangusha z na kuwa "tunaua."

Katika bango la upigaji picha, njia hiyo ilinipa makosa mawili. La kwanza lilikuwa "washiliki" badala ya "washiriki," na la pili ni "yakutumia" lililounganishwa pasipo sababu, badala ya "ya kutumia." Haya ni makosa ninayoruhusiwa kuyasahihisha mwenyewe bila kumwuliza mtu. Yaliyofuata hayakuwa ya aina hiyo.

Ada ya kawaida ilikuwa 48,000, punguzo asilimia 25, na ada mpya 38,000. Robo ya 48,000 ni 12,000, kwa hiyo ada mpya ilipaswa kuwa 36,000. Hapa ndipo wakaguzi wengi huharibu kazi kwa kufuta 38,000 na kuweka 36,000, ilhali hesabu haiwaambii ni namba ipi kati ya tatu iliyokosewa. Inawezekana ada ilipangwa iwe 38,000 kweli na punguzo ni la 10,000, ambalo ni karibu asilimia 21. Inawezekana pia kwamba ada ya kawaida ndiyo iliyobadilika. Kazi yangu ni kuonyesha kwamba namba hizo tatu hazikubaliani na kuuliza ipi ibaki. Kwenye maelezo ya mteja ilikuwa 36,000, nami hata hivyo niliuliza, maana mteja hubadili bei kwa simu na asiandike popote.

Tarehe ilisomeka hivi hasa: "Jumamosi, 15 Juni 2025." Siku ya wiki ni rafiki mkubwa wa mkaguzi, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya tarehe inayoweza kuhakikiwa bila kumwuliza mtu yeyote. Fungua kalenda: tarehe 15 Juni 2025 ni Jumapili, na Jumamosi ni tarehe 14. Nikarudi nyuma mwaka mmoja nikakuta kwamba tarehe 15 Juni 2024 ilikuwa Jumamosi. Mwaka wa siku 365 una wiki 52 na siku moja ya ziada, kwa hiyo tarehe ileile husogea siku moja mbele kila mwaka, au mbili ikiwa 29 Februari imepita katikati. Kosa la siku moja kamili ni alama ya wazi kwamba mbunifu alichukua bango la mwaka uliopita, akabadili mwaka, akaacha mengine. Nilipolijua hilo nilianza kuwinda mabaki mengine ya bango la zamani, na msimbo wa QR ukawa mtuhumiwa wa kwanza. Niliweka bango kwenye kompyuta, nikaupiga msimbo kwa kamera ya simu, na ukanipeleka kwenye fomu ya kujiandikisha ya 2024, ambayo ilikuwa imeshafungwa. Hakuna jicho linaloweza kugundua kosa hilo kwa kutazama. Msimbo ni lazima ufunguliwe, na ukurasa unaotokea usomwe mpaka mwisho.

Saa ndiyo iliyonifanya nicheke, ingawa peke yangu. Mteja alikuwa ameandika "saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni." Mbunifu, ambaye kiolezo chake kilikuwa na nafasi ya AM na PM, alijaza 3:00 AM hadi 10:00 PM. Kwa mpangilio huo washiriki wangeamka usiku wa manane na kufunzwa kwa saa 19 mfululizo. Kilichotakiwa ni 9:00 AM hadi 4:00 PM, au kwa ushauri wangu, "Saa 3:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni," bila AM wala PM. Kila mara saa inapotoka kwenye maneno ya Kiswahili kuingia kwenye tarakimu, hesabu tofauti ya saa sita, na usikubali mifumo miwili ikae kwenye bango moja.

Namba ya simu naiacha mwisho, macho yakiwa yameshapumzika kidogo, kwa sababu haina maana wala hesabu ya kukusaidia. Kuhesabu tarakimu kunafichua iliyopungua au kuzidi, lakini kosa lililo la kawaida zaidi ni mbili kubadilishana nafasi, kama 47 kuwa 74, na hapo idadi inabaki ileile. Hata ukizijumlisha, jumla haibadiliki. Njia ninayoiamini ni kupiga. Naandika namba kwenye simu kwa kuitazama kwenye bango, tarakimu moja moja, na kamwe siichukui kwenye orodha ya majina wala kuinakili kutoka kwenye ujumbe wa mteja, maana hapo nitakuwa nimehakiki ujumbe na kuliacha bango. Usiku ule aliyepokea alikuwa mzee mmoja aliyeamshwa usingizini, asiyejua lolote kuhusu mafunzo. Nilimwomba radhi, kisha nikaisoma namba ya bango kwa sauti huku nikifuata ya mteja kwa kidole, na tarakimu ya saba na ya nane zilikuwa zimepishana. Lau bango lingechapwa, mzee yule angepigiwa simu kwa wiki nzima.

Majibu yangu nayaandika kwa namna ambayo mbunifu hahitaji kukisia. Naweka duara lenye namba juu ya picha mahali palipo na kosa, kisha chini naandika kwa namba hiyohiyo kilichopo na kinachotakiwa kuwa. "Rekebisha tarehe" si maelekezo. "2: ilivyo, Jumamosi, 15 Juni 2025, iwe, Jumamosi, 14 Juni 2025" ni maelekezo. Yale yanayosubiri uamuzi wa mteja nayatenga kwa neno "Swali," na mbunifu haruhusiwi kuyagusa hadi mteja ajibu. Mteja alijibu yote kwa mkupuo: ada ni 36,000, siku ni Jumamosi, na fomu mpya hii hapa.

Prufu ya pili ilirudi baada ya nusu saa, na niliisoma yote upya kana kwamba sijawahi kuiona, kwa sababu mkono unaorekebisha sehemu moja huvuruga nyingine. Ada, namba na msimbo vilikuwa sawa. Tarehe ya juu ilikuwa sawa, lakini kwenye ukanda mwembamba wa chini palikuwa na maneno "Tukutane 15 Juni," ambayo hata mimi nilikuwa nimeyapita mara ya kwanza, na kule kuongeza neno "asubuhi" kulikuwa kumesukuma jina la ukumbi nje ya kisanduku chake, likabaki nusu. Nikajifunza kuuliza kila tarehe inatajwa mara ngapi kabla sijaisahihisha popote.

Prufu ya tatu ndiyo niliyoidhinisha, ikiwa na jina `bango_v3.pdf`. Kabla ya kulala nilimwomba mbunifu azifute zile mbili za mwanzo kwenye kundi letu la mazungumzo, kwa sababu mchapaji alikuwa humo, na asubuhi angefungua faili ya kwanza ambayo kidole chake kingegusa.