Mto wenu umepata 5.6: msiandike bado kwamba ni mchafu

Kila kiangazi, masika yakishakatika na maji yakashuka, huwa naenda na wanafunzi wa klabu ya mazingira kupima Mto Morogoro kwa wadudu wake. Tunaanzia juu, mto unapotoka Uluguru ukiruka kwenye mawe, tunamalizia mjini chini ya daraja. Vifaa vyetu ni wavu wa matundu ya milimita 1, beseni jeupe, vijiko vya plastiki na karatasi ya miniSASS. Kazi ya mtoni wanaijua haraka. Kosa huwa darasani, mtu akishaigawanya jumla, akapata namba moja, akaitazama kama hukumu ya mahakama. Mwaka wa kwanza nilikosea mimi mwenyewe, na wanafunzi wakabandika bango lenye makosa yangu.

Kwa ambaye hajawahi kuitumia: miniSASS ni njia iliyotoka Afrika Kusini, ikarahisishwa kutoka kwenye mfumo mkubwa wa SASS unaodai umtambue mdudu hadi familia yake. Hii ndogo ina makundi 13 tu. Kila kundi lina alama kulingana na jinsi linavyoshindwa kuvumilia maji machafu. Minyoo, ruba na mabuu ya nzi wana 2, maana hao huishi hata penye hewa kidogo. Konokono ana 4. Kaa na tunutu wa kereng'ende wana 6 kila mmoja. Trikoptera, wale wanafunzi wangu wanaowaita wajenga nyumba kwa sababu wengi wao hujishonea ganda la mchanga au majani, wana 9. Kileleni yupo plekoptera, tunutu wa majini anayeng'ang'ania mawe kwenye maji ya kasi, mwenye 17. Mnapitisha wavu kwenye mawe, majani ya kingo na mchanga kwa dakika 5, mnamimina kwenye beseni, mnaandika makundi mliyoyaona, mnajumlisha alama, mnagawanya kwa idadi ya makundi. Wakiwa kumi au mmoja, kundi linahesabiwa mara moja.

Sasa tazama kituo chetu cha katikati, ambako mto umeshatulia kwenye mchanga na matete kabla haujaingia mjini. Vijana walipata efemeroptera, tunutu wa majini mwenye matamvua pembeni mwa tumbo, wale wa kawaida (11), efemeroptera waogeleaji (5), wajenga nyumba (9), tunutu wa kereng'ende (6), tunutu wa kereng'ende mwembamba (4), mabuu ya nzi (2) na minyoo (2). Jumla 39, makundi 7, wastani 5.57. Kule juu kwenye mawe walikuwa wamepata 7.6. Bango likaandikwa kwamba mashamba yaliyo kati ya vituo hivi viwili yameharibu mto.

Lakini karatasi ya miniSASS ina safu mbili za kusomea matokeo, moja ya mto wa mawe na nyingine ya mto wa mchanga. Kwenye mto wa mawe, kati ya 5.1 na 6.1 ni hali mbaya. Kwenye mto wa mchanga, kati ya 5.4 na 5.8 ni hali ya wastani. Tulikuwa tumesoma safu ya mawe kwa kituo kisicho na jiwe hata moja la kukalia. Plekoptera na wengi wa efemeroptera wenye alama kubwa hung'ang'ania mawe yanayopigwa na maji ya kasi. Huwezi kumlaumu mkulima kwa sababu mdudu wa mawe hakupatikana mchangani. Mashamba yanaweza kweli kuwa na mchango, hasa kwa tope linaloziba nafasi kati ya mawe, ila ushahidi wetu haukuwa unasema hivyo.

Tangu hapo, kabla ya mtu yeyote kulowesha buti, tunaandika kituo kina nini: mawe kiasi gani, majani yanayogusa maji yapo au hayapo, mchanga au tope. Tukitaka kulinganisha vituo viwili, tunavitafuta vinavyofanana. Hilo likishindikana, tunaandika kwamba havifanani, na kila kimoja tunakisoma kwa safu yake.

Ile 7.6 ya juu nayo ina hadithi. Ilitokana na makundi 8: plekoptera (17), efemeroptera wa kawaida (11), waogeleaji (5), wajenga nyumba (9), kereng'ende (6), kaa (6), mende na kunguni wa maji (5), mabuu ya nzi (2). Jumla 61, gawanya kwa 8. Kwa mto wa mawe hiyo ni hali nzuri. Mtoe plekoptera peke yake: jumla inabaki 44, makundi 7, wastani 6.3, na mto umeshuka hadi hali ya wastani. Mdudu mmoja, wa urefu wa ukucha, kaushusha mto daraja zima. Na siku ile tulikuwa naye mmoja tu kwenye beseni.

Kwa hiyo utambuzi wake hauna mzaha. Wanafunzi wangu walikuwa wakimwita "mikia miwili" na efemeroptera "mikia mitatu", jina rahisi kukumbuka, na ndilo lililotuponza. Wapo efemeroptera wenye mikia miwili tangu kuzaliwa, na wapo wa mitatu waliokatikiwa mmoja ndani ya wavu. Usihesabu mikia kwanza. Mweke kwenye maji kidogo ndani ya kijiko cheupe, mtazame kwa lenzi. Efemeroptera ana matamvua pembeni mwa tumbo, mara nyingi yakipepea, na kila mguu unaishia kwa ukucha mmoja. Plekoptera tumbo lake ni tupu pembeni, matamvua yake yamejificha kwapani, na kila mguu una kucha mbili. Mwanafunzi akinijia na plekoptera namwomba anionyeshe kwapa. Kosa jingine la mara kwa mara ni kereng'ende mwembamba: ana vijani vitatu mkiani, na kwa haraka mtu huviita mikia mitatu, kundi la alama 4 likapewa 11.

Kuna jambo zaidi kuhusu plekoptera ambalo wenzetu wa Afrika Mashariki tulijue. Huku tunaokutana nao ni wa jenasi ya Neoperla, ilhali kusini mwa bara ipo familia nyingine pia, wapenda maji baridi, ambayo kwetu haipo. Njia iliyopimwa kwenye mito ya Afrika Kusini inatarajia kundi hili kwa namna ambayo mito yetu haiwezi kuitimiza sawasawa. Ndiyo sababu moja ya kuwapo kwa TARISS, mfumo uliotengenezwa kwa mito ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015. Unadai utambuzi wa familia, kwa hiyo kwa sekondari ni mzigo, lakini mwanafunzi wa chuo aanzie huko. Sisi tunaobaki na miniSASS tunaitumia kulinganisha kituo na kituo, mwaka na mwaka, kwenye mto huohuo.

Wastani una tabia nyingine inayowachanganya vijana: bidii inaweza kuushusha. Kikundi kimoja kilitafuta dakika 2 zaidi palepale juu, kikapata mnyoo mmoja chini ya tope. Jumla ikapanda hadi 63, makundi yakawa 9, wastani ukashuka hadi 7.0. Walinung'unika kwamba wameadhibiwa kwa kufanya kazi vizuri. Jibu langu ni saa. Dakika 5 za wavu ziwe 5 kila kituo, na muda wa kutafuta kwenye beseni uwe uleule. Kisha andikeni idadi ya makundi kando ya wastani, na kwa kila kundi kadirieni wingi: mmoja, chini ya kumi, makumi, mamia. miniSASS haihitaji makadirio hayo, ila bila hayo huwezi kutofautisha efemeroptera mmoja aliyesombwa na maji kutoka juu na ukoo mzima unaoishi hapo.

Makadirio hayo ndiyo yaliyotusaidia kule mjini. Kuna mfereji unaoingiza maji machafu mtoni, na hoja ya vijana ilikuwa kwamba mfereji ndio mkosaji. Safari hii tulitafuta mawe yanayofanana pande zote mbili, mita chache juu ya mfereji na mita chache chini yake, siku moja, watu walewale. Juu tulipata waogeleaji, efemeroptera wa kawaida kwa makumi, wajenga nyumba, aina zote mbili za kereng'ende, mende wa maji, mabuu ya nzi na minyoo: 44 kwa 8, yaani 5.5. Chini, kwenye mawe ya ukubwa uleule, walikuwapo waogeleaji wawili tu, konokono, ruba, minyoo, na mabuu ya nzi kwa mamia: 15 kwa 5, yaani 3.0. Mawe yapo na kasi ya maji ipo, ila wenye nyumba hawapo. Hapo sasa una la kusema.

Tena mabuu yenyewe yalikuwa yakizungumza, ingawa karatasi inayapa yote 2. Mengi yalikuwa mekundu kama uzi wa damu. Wekundu huo ni hemoglobini, inayowasaidia kushika hewa pale ilipo kidogo. Tuliona na lile buu lenye mrija mrefu nyuma kama mkia wa panya, linalopumulia hewa ya juu ya maji. Juu ya mfereji mabuu tuliyoyakuta yalikuwa ya usubi, yaliyojinasa juu ya mawe kwenye maji ya kasi. Alama ni ileile 2, habari ni tofauti kabisa. Andika rangi na umbo pembeni mwa karatasi.

Na kama siku moja mtakuta konokono na minyoo wametulia lakini wadudu wote na kaa wametoweka, msikimbilie kusema kinyesi. Hiyo ni dalili ya dawa ya kuua wadudu, na mboga zikilimwa kando ya mto swali la kwanza ni nani kapuliza wiki hii. Mvua kubwa nayo husomba wadudu bila uchafu wowote. Sisi baada ya mafuriko tunasubiri wiki tatu.

Mama mmoja aliyekuwa akichota maji pale juu alituuliza kama 7.6 ina maana maji yanafaa kunywa. Nilimjibu hapana, achemshe. Wadudu hawa wanatuambia mto umeishije kwa wiki na miezi iliyopita, ila vijidudu vya kipindupindu au vya kuhara havimsumbui plekoptera hata kidogo. Vilevile hawatuhakikishii usalama wa ngozi, ndiyo maana kila mwanafunzi wangu huvaa buti na glovu, kwa ajili ya kichocho.

Bango jipya la klabu lina vituo vinne. Kila kimoja kina wastani, idadi ya makundi, aina ya mto na sentensi moja ya kilichokuwepo chini ya maji. Kituo cha mchanga kimeandikwa "hali ya wastani, 5.57, hakilinganishwi na cha mawe". Mashamba hayatajwi. Mfereji umetajwa, na barua ya kwenda serikali ya mtaa imeambatanishwa na karatasi zote mbili za siku ile.