Usimruhusu fundi akate kitambaa kabla hujawa na viatu

"Habari za jioni wakuu. Nina suruali mbili mpya za kitambaa, moja ya kijivu na moja ya buluu iliyokoza. Jumamosi nazipeleka kwa fundi azikate ziishie kwenye kifundo cha mguu. Viatu nitatafuta soko la Owino mwisho wa mwezi. Nivae soksi za rangi gani?"

Ndugu yangu, Jumamosi usiende. Nunua viatu kwanza, kisha soksi, na fundi awe wa mwisho kabisa.

Suruali yangu ya kijivu niliipeleka kwa fundi nikiwa na mpango wa kuvaa buti fupi, zile zinazofunika kifundo. Akaipima iishie juu kidogo ya mfupa wa kifundo, na kwa buti ingekaa vizuri, kwa sababu shingo ya buti ingelijaza lile pengo. Baadaye nikapata viatu vya kamba vya kawaida, ambavyo mdomo wake uko chini ya mfupa. Hapo pengo kati ya pindo na kiatu likawa karibu sentimita 6 nikiwa nimesimama wima. Nilipoketi meza ya mbele kwenye harusi ya rafiki yangu, ambako nilikuwa msimamizi wake, suruali ilipanda hadi katikati ya ugoko, soksi zilikuwa zimeshuka, na katika kila picha kati ya soksi na suruali kuna kipande cha ngozi ambacho hakuna mtu angeweza kudhani nilikikusudia.

Jambo hilo lingerekebishwa kwa nusu saa kama kitambaa kingekuwepo. Lakini fundi yule aliniambia kwa uhakika mkubwa kwamba kitambaa cha ziada ndani ya pindo ni mzigo tu, kinaharibu mkao, akakikata na kuacha sentimita moja na nusu. Hasira yangu kwake haijaisha, kwa sababu fundi anajua kwamba suruali hufupishwa kwa dakika chache, ilhali kuirefusha kunategemea kile alichokiacha ndani. Mwambie aache sentimita 4 au 5, akunje kwa ndani na kushona kwa mkono, mishono isionekane nje. Hata hivyo usitegemee kushusha pindo baada ya kuivaa muda mrefu: vumbi letu jekundu huingia kwenye mkunjo, na ukiukunjua, mstari wa zamani hubaki pale pale hata baada ya kufua. Kama suruali ina pamba nyingi, ifue na kuipiga pasi kabla ya kupimwa, maana inaweza kurudi.

Siku ya kupimwa nenda na viatu hivyo hivyo na soksi hizo hizo, wala usipimwe ukiwa na ndala. Funga mkanda mahali unapoufunga kila siku, simama ukitazama mbele, na umwache fundi ndiye ainame, kwa kuwa ukiinama mwenyewe suruali inasogea na alama ya chaki inakuwa ya uongo. Kwa viatu vya kamba, pindo la mbele liguse kiatu kidogo tu bila kujikunja, na la nyuma liwe chini zaidi kwa sentimita moja hivi. Abane kwa pini kwanza, utembee, kisha uketi kwenye kigoda kifupi, magoti yakiwa juu kama mtu aliyepanda boda. Ngozi ikionekana hapo, tatizo ni soksi: zile zinazoishia katikati ya shavu la mguu huteremka, kwa hiyo tafuta zinazofika chini ya goti.

Rangi ifuate suruali, si kiatu. Kwa ile ya kijivu vaa soksi za kijivu kilichokoza zaidi kidogo, na kwa ile ya buluu vaa za buluu iliyokoza, kwa sababu mguu utaonekana mmoja tangu kiunoni hadi kwenye kiatu. Soksi nyeusi chini ya suruali ya buluu zinakaribiana nayo bila kufanana, na ukitoka juani inaonekana kwamba ulivaa gizani.

Kama kweli unataka kifundo kionekane, basi kionekane chote: viatu visivyo na kamba vyenye mdomo wa chini, soksi fupi zinazojificha ndani kabisa, na mguu wa suruali uwe mwembamba, upana wa sentimita 17 au 18 ukiulaza mezani. Mguu mpana ukikatwa hapo hupepea na kuonekana kama suruali ya mdogo wako. Soksi za michezo zinazochungulia juu ya kiatu cha ngozi ziache kwa ajili ya raba.

Ukishapata viatu, weka hapa picha ukiwa umeketi, kabla fundi hajashika mkasi.