Mzaha Katikati ya Ugomvi: Nani Anachekwa?

Watu wengi huamini kwamba mzaha hutuliza hasira kwa sababu unachekesha. Kwa niliyoyaona nyumbani na kazini, ambako mara kwa mara huombwa nikae kati ya watu waliokosana, kuchekesha ni sehemu ndogo ya jambo hilo. Mtu mwenye hasira akisikia mzaha hutafuta kwanza kujua nani anachekwa. Akiona kwamba anayechekwa ni yeye, au ni lalamiko lake, mzaha huo humpandisha mori hata kama umetungwa kwa ustadi mkubwa. Akiona kwamba msemaji anajicheka mwenyewe, tena kwa kosa lile lile analolalamikiwa, mara nyingi hupoa, kwa kuwa ndani ya mzaha huo amesikia mwenzake akikiri.

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu maneno ya kutuliza na ya kuchochea yalitoka katika kinywa kimoja. Mama yetu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, sisi watoto wake tulikubaliana kupokezana zamu za kulala naye. Zamu nyingi ziliishia kwa mdogo wetu wa kike, huku kaka yetu mkubwa akipiga simu kila jioni kusema kwamba yuko njiani, kisha asitokee. Tulipokutana kulizungumza, mdogo wetu alianza kwa utulivu: alitaja usiku aliokesha, akataja dawa ya saa nane usiku ambayo hakuwa na wa kumsaidia kuitoa, na akasema kwamba kazini ameanza kusinzia. Hakuwa amemaliza kaka yetu alipotabasamu na kusema, “Haya jamani, mkuu wa wauguzi ametoa taarifa yake, tusimame kwa heshima.”

Nina hakika kaka hakukusudia kumuumiza. Alitaka kupunguza uzito uliokuwa umetanda chumbani. Lakini mdogo wetu alisikia jambo jingine kabisa. Cheo hicho cha kubuni kiligeuza uchovu wake kuwa kiburi, na kule kuambiwa tusimame kulituita sisi wengine tumcheke pamoja. Sauti yake ilipanda, akairudia ile habari ya dawa ya saa nane kwa maneno yale yale, kisha akaanza kufukua mambo ya zamani yasiyohusiana kabisa na mama. Kaka naye akajitetea kwa kusema, “Mbona hutaniki siku hizi? Ni masihara tu.” Sentensi hiyo ndiyo iliyomwaga petroli motoni, kwani ilimwongezea shtaka la pili: kwamba tatizo si usiku aliokesha, bali ni yeye kukosa ucheshi. Kikao kikavunjika.

Ishara ya hatari ilikuwapo hata kabla ya mzaha wenyewe, nayo ni kwamba mdogo wetu alikuwa bado anaeleza mambo mapya. Mtu ambaye hajamaliza kueleza hahitaji kupozwa, anahitaji kusikilizwa, na mzaha unaoingia hapo humkata kauli hata ukiwa wa upole. Ishara ya pili huja baadaye kidogo: mtu anaporudia sentensi ile ile kwa sauti ya juu zaidi, maana yake ni kwamba anaona hajasikika. Hapo tiba ni kumrudishia lalamiko lake kwa maneno yaliyo karibu na yake, tena bila “lakini” mwishoni, hadi aseme, “Ndiyo, hivyo hasa.” Kabla ya kauli hiyo kutoka, mimi huzuia mzaha wowote, wangu na wa wengine.

Mwili nao una kauli yake. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza mazungumzo ya wanandoa kwa miongo mingi, alieleza hali ambamo mtu katika ugomvi hulemewa na mwili wake mwenyewe: mapigo ya moyo hupita takriban 100 kwa dakika, na uwezo wa kusikiliza hupungua sana. Ushauri wake ni kuachana kwa muda usiopungua dakika 20, kila mmoja akifanya jambo la kumtuliza badala ya kuendelea kupanga majibu moyoni. Nimeona faida ya ushauri huu, na ndiyo maana ninapoona taya zimekazwa, pumzi fupi na macho yasiyotulia, huomba mapumziko bila kutania.

Kaka na mdogo wetu walikutana tena kesho yake, baada ya mimi kumwomba kaka aanze yeye, na aanze kwa kurudia aliyoyasikia. Alisema, “Umekesha peke yako, dawa ya saa nane umeitoa peke yako, na mimi nimekuwa nikikupa ahadi nisizozitimiza.” Mdogo wetu alinyamaza, kisha akashusha pumzi ndefu na kuuliza, “Sasa kwa nini ulikuwa unasema uko njiani?” Swali la kweli, lililoulizwa kwa sauti ya chini, ni dalili kwamba mlango umefunguka. Kaka akajibu, “Kwa jinsi nilivyokuwa njiani wiki nzima, dada, ningekuwa nimeshaizunguka dunia na kurudi. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwona mama katika hali ile.” Mdogo wetu alicheka, halafu akalia kidogo.

Ule mzaha wa njiani ulifaa kwa kuwa mwenye kosa ndiye aliyejitwisha. Lau ningeusema mimi, kwamba kaka amekuwa njiani hadi ameizunguka dunia, mdogo wetu angecheka vilevile, ila kaka angejiona amezingirwa na ndugu zake wawili, na tungeanza ugomvi mpya. Ndiyo sababu msuluhishi asimtanie yeyote kati ya wagomvi. Akitaka kutania, atanie hali ambayo wote wanaibeba sawasawa, kama vile joto la chumba au urefu wa kikao.

Kuna ugomvi ambao mimi siuingizii mzaha kabisa: palipo na vitisho, palipo na mtu aliyetapeliwa au kusalitiwa kwa makusudi, na pale mkubwa wa kazi anapokabiliana na aliye chini yake. Katika hali hiyo ya mwisho kicheko hudanganya, kwa sababu mdogo hucheka kwa kuogopa, na mkubwa hutoka akiamini kwamba yamekwisha. Kicheko cha kweli hufuatwa na maneno. Mtu hulegeza mabega na kuendelea kuzungumza. Akicheka kwa midomo tu kisha akajibu kwa neno moja moja, basi mzaha umekosea njia.

Ukikosea hivyo, usiueleze mzaha wala usimlaumu aliyeshindwa kuucheka. Mimi husema, “Samahani, hapo sikupaswa kutania. Ulikuwa unaeleza habari ya usiku wa Jumanne, endelea,” kisha hunyamaza. Kutaja jambo lenyewe alilokuwa akilieleza ni muhimu kuliko samahani, kwani kunamwonyesha kwamba ulikuwa unamsikiliza.

Hata mzaha uliofaulu haumalizi kazi. Nafuu inayokuja baada ya kicheko huwashawishi watu waage na kuondoka huku shauri halijaguswa, nalo hurudi likiwa zito zaidi, safari hii pamoja na tuhuma kwamba mzaha ulitumika kulikwepa. Mdogo wetu alipofuta machozi, niliomba karatasi ya zamu hapo hapo. Kaka alichukua usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, akaandika jina lake mwenyewe, na tukakubaliana kwamba atakayepata dharura atafute wa kumshikia zamu kabla ya saa kumi na mbili jioni.