Cheti cha ulinzi wa mtoto: angalia kinakufundisha kuripoti kwa nani

Kazi yangu ni kupokea mafaili ya wanaojitolea kwenye kituo cha watoto huku Temeke. Vyeti vingi vya ulinzi wa mtoto ninavyoletewa ni vya kozi za mtandaoni kutoka Uingereza, na sivikatai. Dalili za ukatili na namna ya kumsikiliza mtoto wanazifundisha vizuri. Shida iko kwenye kuripoti: mtu anafundishwa kupiga 999 na kwenda kwa halmashauri za kule, anafaulu mtihani, halafu mtoto wa Mbagala akimweleza jambo hajui aanzie wapi.

Ndiyo maana kila mwombaji namwuliza hivi: mtoto wa miaka tisa amekwambia mjomba wake anamfanyia "tabia mbaya" usiku. Utafanya nini kabla jua halijazama?

Binti mmoja mwenye cheti cha alama za juu alinijibu, "Dada, nitamwita mama yake tuongee." Jibu hilo nalisikia sana, na linaniogopesha. Mjomba anaishi nyumba hiyo hiyo. Wakishajua, ndugu watakaa kikao wayamalize wenyewe, na ukirudi wiki ijayo utaambiwa mtoto amepelekwa kijijini.

Nilimweleza tunavyofanya. Msikilize, usimwahidi kwamba itabaki siri, wala usimtilie maneno mdomoni. Andika alivyosema yeye. "Tabia mbaya" ibaki "tabia mbaya", usiitafsiri. Weka tarehe, saa na sahihi, kisha mkabidhi msimamizi wa ulinzi wa watoto siku hiyo hiyo. Yeye atalifikisha kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa ukatili wa kingono hospitali haingoji, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Pale Hospitali ya Amana kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana pamoja.

Na kama anayetuhumiwa ni msimamizi mwenyewe? Mpite. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa, kwa hiyo huhitaji ruhusa ya bosi.

Ukishapata cheti chako, chukua karatasi moja uandike jina na simu ya msimamizi wa unakokwenda, ya afisa ustawi wa kata, ya dawati la karibu, na 116. Ibane nyuma ya cheti. Angalia pia tarehe, maana taasisi nyingi hutaka mafunzo yarudiwe kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Hati ya tabia njema ya polisi, ile ya alama za vidole, ni kitu kingine kabisa; utaombwa zote mbili.