Vigae, shanga na vipande vya glasi: nilivyokosea ripoti yangu ya uchimbaji

"Wakuu, niko chuo hapa Mwanza, tumerudi kutoka fildi kwenye bandari ya kale ya pwani ya kusini. Tabaka langu lina vigae vya kienyeji vingi, vigae vya gilazi 7, shanga na glasi kidogo. Naandikaje sura ya tafsiri? Naweza kusema ni karne ya 11 na biashara ilikuwa kubwa?"

Mdogo wangu, sentensi hiyo hiyo niliiandika mimi miaka kadhaa iliyopita, na msimamizi akaipiga mstari mwekundu. Nilifanya fildi pwani ya kusini kama wewe, halafu nikaandikia ripoti hapa Kirumba, mifuko ya sampuli ikiwa mbali. Nakueleza tabaka langu lilivyokuwa.

Lilikuwa na vigae 7 vya kigeni. Vitano vilikuwa sigrafiato, vile vyombo vya Mashariki ya Kati vyenye michoro iliyokwaruzwa chini ya gilazi, vilivyoenea pwani yetu kati ya karne ya 11 na ya 13. Viwili vilikuwa seladoni, kaure ya kijani ya China, ya aina inayopatikana zaidi kuanzia karne ya 13 hadi ya 15. Nikaona vitano vimevishinda viwili, nikaandika karne ya 11. Hapo ndipo nilipokosea, maana tabaka halipigiwi kura. Kitu cha karibuni zaidi kilichomo ndicho kinachosema udongo ule haukuweza kuwekwa pale kabla ya lini. Chombo cha zamani kinaweza kutunzwa nyumbani miaka mingi, au kigae chake kikafukuliwa na mtu anayechimba shimo la choo na kutupwa juu. Lakini seladoni ya karne ya 13 haiwezi kuingia kwenye udongo uliofunikwa karne ya 11, isipokuwa imepenya baadaye.

Nilirudia kutazama kingo za vigae. Za seladoni zilikuwa kali, na vipande vyake viwili viliungana vizuri, kwa hiyo vilivunjikia karibu na pale na havikusumbuliwa sana. Za sigrafiato zilikuwa zimelika na kuwa mviringo, dalili ya kusukumwa huku na kule kabla ya kutulia. Kwa hiyo tabaka lilikuwa la karne ya 13 au baadaye, likiwa na takataka za zamani ndani yake.

Sasa neno "imepenya". Katika tabaka lile kulikuwa na shanga moja ya bluu yenye nyuso zilizokatwa, aina ya Ulaya ya karne ya 19, na kipande cha chupa ya kijani chenye mstari wa kalibu. Kwa kanuni ile ile, tabaka lote lingekuwa la karne ya 19! Lakini daftari la fildi lilionyesha vyote viwili vilitoka kwenye udongo mweusi uliolegea, pembeni mwa ukuta wa magharibi, kwenye tundu la kaa. Kaa wa pwani huchimba sana. Nilivitenga, lakini niliviandika kwenye ripoti pamoja na sababu. Ukivifuta kimya kimya, msomaji hatajua. Na kama tundu halionekani kwenye mchoro wako, usilibuni ili uokoe tarehe unayoipenda.

Shanga nyingine zilikuwa ndogo na nyekundu, zisizopitisha mwanga. Chukua kioo cha kukuza mara 10 uangalie viputo vya hewa. Vikiwa vimenyooka sambamba na tundu, glasi ilivutwa kuwa mrija kisha ikakatwa. Vikizunguka tundu, glasi ilizungushwa kwenye waya. Zangu zilikuwa za kuvutwa, kama zile za Bahari ya Hindi. Lakini rangi na umbo havitoshi kusema "zimetoka India". Asili ya glasi husomwa maabara. Andika "za kuvutwa" na usimamie hapo. Hata glasi yenye ganda la rangi za upinde wa mvua usiiite ya kale kwa hilo tu, maana chumvi na unyevu wa pwani hula na kubandua glasi haraka.

Kosa langu kubwa lilikuwa hesabu. Tabaka la 3 lilikuwa na shanga 21, na la 4 chini yake, ndilo hili nililokueleza, shanga 2 mbali na ile ya bluu. Nikaandika kuwa biashara ilikua. Msimamizi akaniuliza swali moja tu: mlichekecha kwa chekeche gani? Tabaka la 3 tulitumia la milimita 2. La 4, tukiwa tumechoka na mvua inanyemelea, tulitumia la milimita 5, na shanga za milimita 3 zilipita karibu zote chini na kurudi kwenye lundo la udongo. Ukuaji wangu wa biashara ulikuwa matundu ya waya. Basi kabla ya kulinganisha matabaka, weka ukubwa wa chekeche na ujazo wa udongo uliochimbwa kwenye jedwali lile lile la shanga.

Vigae vya kienyeji navyo usivitupe mwishoni kama mabaki. Ndivyo vingi kuliko vyote, na vinaonyesha watu walipika nini na wapi. Tazama masizi: yakiwa nje, chungu kilikaa jikoni. Hesabu midomo na pima uzito, usihesabu vipande tu, kwa kuwa chungu kimoja cha maji kikianguka kinaweza kutoa vipande hamsini. Na kwa kuwa uko ziwani, utajaribiwa kufananisha mistari yake na Urewe. Urewe ni ufinyanzi wa huku kwetu kwenye Maziwa Makuu. Fananisha kwanza na vyungu vya pwani vya wakati ule ule.

Sentensi ambayo msimamizi aliikubali ilikuwa hii: "Tabaka la 4 liliwekwa karne ya 13 au baadaye, kwa ushahidi wa vigae viwili vya seladoni vyenye kingo kali, wingi wa shanga haulinganishwi na tabaka la 3 kwa sababu ya tofauti ya chekeche." Tuma picha za kingo za vigae vyako 7, tuvitazame.