Tiki za fomu ya mapokezi hazikulindi, soma mfuko

"Wakuu, wiki ijayo tuna ukaguzi wa ISO 22000. Vyeti vya wasambazaji vyote viko kwenye faili na fomu za kupokea mzigo zimejaa tiki. Maswali huwa yakoje, na msambazaji anatakiwa apate alama ngapi ili apitishwe?"

Mkuu, usilale na hizo tiki. Mimi nilikuwa nazo zote, na ndizo zilizonichongea.

Tulipokea mifuko 40 ya maziwa ya unga, kilo 25 kila mmoja. Cheti cha uchambuzi kilisema Salmonela haikuonekana katika gramu 25. Kijana wa stoo akalinganisha cheti na delivari noti, namba ya bechi ikafanana, akatia tiki. Wiki tatu baadaye mkaguzi akaja, na faili hakuligusa. Alikwenda moja kwa moja stoo, akainama nyuma ya paleti, akasoma bechi iliyochapwa karibu na mshono wa mfuko, akasema: "Naomba cheti cha huu." Hatukuwa nacho. Kumbe mifuko 28 ilikuwa ya bechi ile ya kwenye cheti, na 12 ilikuwa ya bechi nyingine ambayo hakuna aliyeisoma.

Kati ya hiyo 12, tisa ilishatumika. Akauliza imeingia kwenye bidhaa zipi. Kumbukumbu zetu za uzalishaji ziliandika "maziwa ya unga" tu, bila bechi, kwa hiyo hatukuweza kutenganisha siku wala bidhaa. Tukazuia uzalishaji wa wiki zote tatu, na uliokwishatoka tukaurudisha kutoka kwa wateja. Bidhaa yetu inachanganywa kavu, haipiti moto tena, kwa hiyo kile cheti ndicho kilikuwa kinga yetu. Kupima mifuko mitatu iliyobaki kusingetusaidia: Salmonela haisambai sawasawa kwenye unga, na sampuli safi ya mfuko huu haisemi lolote kuhusu ule ulioliwa.

Nina hasira hadi leo na mshauri tuliyemlipa. Alituambia tujaze faili vyeti, basi. Hakufungua hata kimoja akasome upeo wake! Cheti cha "msambazaji" wetu kilikuwa cha wakala, kimeandikwa uhifadhi na usambazaji. Kiwanda kilichotengeneza maziwa hakikutajwa popote, na sisi tulikuwa tumempitisha mwenye ghala. Kipengele 7.1.6 cha ISO 22000 kinataka umtathmini msambazaji, umchague kwa vigezo, ufuatilie utendaji wake na umtathmini tena. Sasa utamfuatiliaje mtengenezaji usiyemjua?

Kwa hiyo anza na mfuko, karatasi baadaye. Kesho ingia stoo, chagua mifuko mitano ya paleti tofauti, ile ya nyuma na ya chini, soma bechi, kisha tafuta cheti chake na jina la kiwanda. Ukikosa kimoja, tenga mzigo huo, uwekee lebo ya kuzuiwa, na uandike kasoro hiyo wewe mwenyewe kabla mkaguzi hajafika.