Re: Deni la funga na zaka la marehemu

"Baba amefariki hapa Masasi bila wasia, akiacha zaka ya mwaka na siku 12 za Ramadhani. Je, tulipe kabla ya kugawana?"

Poleni sana, ndugu yangu. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi huku kwetu, zaka ni deni linalotolewa katika mali yote kabla ya mirathi, hata kama hakuusia. Wahanafi ndio wanaoshurutisha wasia, nao huishia katika theluthi. Basi kama fedha zake za korosho zilizotimiza mwaka na kufika nisabu zilikuwa shilingi 8,000,000, toeni 200,000 kwanza.

Kuhusu funga, ulizeni kwanza kama alipona. Ikiwa ugonjwa ulimshika mpaka kufa, hadaiwi kitu. Ikiwa alipona, akaweza kulipa na asilipe, akafa kabla ya Ramadhani nyingine, kila siku ina kibaba kimoja cha mchele, takriban robo tatu ya kilo, yaani kilo tisa kwa maskini. Au jamaa yake amfungie, kauli aliyoipa nguvu Imamu Nawawi. Nawasihi msianze kupima mikorosho kabla ya kutenga haya, kwa sababu fungu likishaingia mkononi mwa mrithi ni vigumu kulirudisha.